Orkestra inaposhuka Uvira: kamba ngapi, kable ngapi, na nani anabeba nini?

Ni usiku pale Sange. Watu wamejaa uwanjani, orkestra iliyotoka Bukavu imeingia katika wimbo wa pili, na kamba ya gitare inakatika. Mupiga gitare anageuka nyuma. Kila mutu kwenye jukwaa anamuangalia mwenzake. Kamba za akiba zilinunuliwa, hilo kila mutu anakumbuka. Lakini ziko ndani ya kifuko kidogo, kifuko kiko ndani ya motokari, na motokari imekwisha kwenda na shofere kutafuta esanse.

Kamba yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Kilichokosekana pale ni karatasi moja: liste ya vyombo yenye kuonyesha kila kitu, hesabu yake, na jina la mutu mumoja anayekibeba. Orkestra nyingi za Bukavu zinaandika liste ya vyombo vikubwa tu, yaani gitare, batri na bafule. Vitu vidogo vinabaki kichwani mwa watu, na kumbe hivyo ndivyo vinavyosimamisha konseri.

Ili kuelewa namna liste hiyo inavyotengenezwa, tuchukue mfano wa orkestra ya watu tisa inayoshuka kutoka Bukavu kwenda kupiga usiku tatu: Kamanyola, Sange, kisha Uvira. Watu hao ni mupiga gitare ya solo, wa mi-solo, wa akompanyema, wa bas, mupiga batri, mupiga sinte, waimbaji wawili, na mutu wa sono. Wanapita barabara ya taifa namba 5, kwenye milima ya Ngomo, wakiwa na minibisi moja.

Jina moja kwa kila kitu

Kanuni ya kwanza ni nyepesi kusema, lakini inaleta ubishi: kila kitu kinakuwa na mutu mumoja tu mwenye kukijibia. Ukiandika "mikro: waimbaji", hakuna aliyepewa. Kila muimbaji atafikiri mwenzake amezichukua. Ukiandika jina la mumoja, hata kama watu watatu watasaidia kuzibeba, swali likiulizwa saa nane za usiku kuna mutu mumoja wa kujibu.

Kubeba na kujibia ni vitu viwili. Ampli ya bas ni nzito, inataka watu wawili. Mupiga bas ndiye anaijibia, mupiga batri anamusaidia kuinyanyua. Kwa hiyo liste nzuri iko na mistari minne ya kusimama: kitu, hesabu, anayekijibia, na anayemusaidia. Huyo wa kusaidia ndiye anachukua nafasi kama mwenzake anaumwa au amepanda motokari ingine.

Kuna orkestra zinazoongeza mustari wa tano: mwenye kitu. Hapa kwetu vyombo vyote vya orkestra moja mara chache vinakuwa vya mutu mumoja. Gitare ni ya mupigaji, sinte imeazimwa kwa kanisa, mikseri ni ya produsa. Jambo hilo si la leo wala si la Bukavu peke yake. Kinshasa, Verckys Kiamuangana, mupiga saksofoni aliyetoka katika OK Jazz mwaka wa 1969, alijulikana sana kwa kuwapatia orkestra za vijana vyombo vya kupigia. Mwenye vyombo alikuwa na neno kubwa katika orkestra, na vyombo vikirudi kwake, wapigaji walibaki na mikono mitupu. Ndiyo sababu kitu kilichoazimwa kiandikwe wazi kwenye liste pamoja na hali yake siku kilipotoka: mikwaruzo, kitufe kilichovunjika, na namba iliyo nyuma yake. Bila hivyo, siku ya kurudisha ni siku ya maneno.

Kamba za akiba: usihesabu kwa pakiti tu

Watu wengi wanahesabu hivi: gitare tatu na bas moja, basi pakiti nne za kamba. Hesabu hiyo inaonekana sawa, lakini iko na tundu.

Gitare ya kawaida iko na kamba sita. Pakiti moja inakuwa na moja ya kila aina, kuanzia ya kwanza iliyo nyembamba kabisa mpaka ya sita iliyo nene. Lakini hazikatiki sawasawa. Ya kwanza ndiyo inakatika mara nyingi kuliko zote, kisha ya pili. Zile nene tatu, zilizozungushiwa waya, zinaweza kumaliza safari yote bila shida. Kwa hiyo orkestra inayobeba pakiti tu inarudi na kamba nene mingi zisizotumika, na zile nyembamba zimekwisha siku ya pili.

Kwa orkestra za Kongo kuna sababu ingine, na watu wa nje hawaijui sana. Wapigaji wengine wa mi-solo wanafunga gitare yao kwa namna inayoitwa mi-kompoze. Wanatoa kamba ya nne, ile ya re iliyo nene, na mahali pake wanaweka kamba nyembamba, sawa na ile ya kwanza, wanaivuta mpaka inafika re ya juu. Hapo gitare inapata sauti ile inayong'aa, yenye kutembea juu ya akompanyema bila kugongana nayo. Maana yake ni kwamba gitare hiyo inatumia kamba za kwanza mbili kwa wakati mumoja, na pakiti iko na moja tu.

Turudi sasa Sange. Tuseme kamba iliyokatika ni hiyo ya nne ya mi-kompoze. Mutu anakimbia, anafungua pakiti mupya, anatoa kamba iliyoandikwa namba 4 na kuifunga. Gitare imekuwa na kamba sita, lakini sauti imeshuka chini. Mchezo uliokuwa unapanda sasa unaingia katikati ya akompanyema, na watu uwanjani wanasikia tu kwamba muziki umekuwa muzito. Kamba ilikuwepo, lakini haikuwa ile inayotakiwa.

Kwa usiku tatu, hesabu inayofaa kwa orkestra yetu ya mfano ni hii: pakiti moja kamili kwa kila gitare, na ya bas pia. Juu ya hizo pakiti nne, kamba za kwanza za kununua moja-moja: tatu kwa solo, tano kwa mi-solo aliyefunga mi-kompoze, mbili kwa akompanyema. Hizo ni kumi. Ongeza kamba mbili za pili, moja kwa solo na moja kwa akompanyema. Jumla ni pakiti nne na kamba kumi na mbili za moja-moja. Za bas hazikatiki ovyo, ile pakiti moja inaweza kuzunguka na orkestra mwaka muzima, lakini isiachwe nyumbani, kwani kupata kamba ya bas usiku pale Kamanyola si rahisi.

Unene nao uandikwe kwenye liste. Gitare iliyozoea kamba ya kwanza namba 10 ikipewa namba 9, vidole vya mupigaji vinaisikia mara moja, na mwinuko wa kamba juu ya shingo ya gitare unaweza kubadilika.

Nani anazibeba? Mupigaji mwenyewe, ndani ya mufuko wa gitare yake, pamoja na koleo ndogo ya kukatia. Lakini si zote. Nusu ya kamba za moja-moja inakaa kwa mutu wa sono. Mufuko mumoja ukipotea au ukilowa, nusu ingine iko salama.

Na kamba ikikatika, angalia imekatikia wapi kabla ya kuitupa. Kama imekatikia mahali pale pale mara mbili, kwa mfano pale inapolala juu ya daraja la gitare karibu na mukono wa kulia, shida si ya kamba. Kuna ncha kali ya chuma pale. Ilainishwe kidogo kwa karatasi ya msasa laini sana, kama sivyo kamba zote kumi na mbili zitaishia pale pale. Kama kamba zimekuwa na kutu na zinakwaruza vidole, ni jasho. Kitambaa kikavu ndani ya mufuko wa gitare, na kupangusa kila baada ya kupiga, vinaziongezea siku.

Kable: zinafanana, lakini si ndugu

Kwa kable, kosa kubwa ni kuzihesabu zote pamoja. Liste inayosema "kable 22" haisaidii. Ziko za aina tatu na kila aina ina kazi yake.

Ya kwanza ni jeke ya gitare, inayotoka kwenye gitare kwenda kwenye ampli. Ndani yake kuna waya moja nyembamba, imezungukwa na wavu wa chuma unaozuia makelele ya umeme kuingia. Ya pili ni kable ya bafule, inayotoka kwenye ampli kwenda kwenye bafule. Hiyo iko na waya mbili nene, bila wavu. Ya tatu ni kable ya mikro, yenye meno matatu.

Hatari iko kati ya ile ya kwanza na ya pili, juu zote mbili zinaweza kuwa na kichwa kile kile. Ukiweka kable ya bafule kwenye gitare, utasikia muungurumo usioisha. Hiyo ni kero tu. Lakini ukiweka jeke ya gitare kati ya ampli na bafule, waya ile nyembamba inapitisha nguvu isiyoiweza. Inapata moto, inaweza kuyeyuka ndani, na nyuzi zikigusana ampli inaweza kuungua. Konseri inaweza kuanza vizuri kabisa, kisha baada ya saa moja ampli inanyamaza. Dawa yake ni skochi ya rangi: nyekundu kwenye vichwa vyote viwili vya kila kable ya bafule, nyeupe kwenye jeke za gitare. Mutu anayefunga vyombo gizani haulizi, anaangalia rangi.

Hesabu ya orkestra yetu sasa. Mi-solo, akompanyema, bas na sinte: kila mumoja anabeba jeke mbili, ya kutumia na ya akiba. Mupiga solo ana pedali chini ya mguu, basi anatumia mbili na anahitaji ya tatu. Hizo ni kumi na moja. Mikro ni nne za sauti na mbili za batri, kwa hiyo kable sita na mbili za akiba: nane. Bafule ni mbili, kable tatu. Jumla ni ishirini na mbili, lakini sasa kila moja ina jina na kazi.

Kable ikianza kukatakata sauti, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kichwa, si katikati. Ni pale waya ilipochomelewa. Namna ya kujua: funga kable, kisha ikunje polepole karibu na kichwa kimoja, halafu kingine. Sauti ikikatika na kurudi, umepata mahali. Mutu wa sono akiwa na chuma ya kuchomelea na waya ya bati, ni kazi ya dakika kumi siku inayofuata. Usiku ule ule kable hiyo ifungwe fundo katikati, kila mutu ajue ni mgonjwa, isirudi kati ya zile nzima. Na kable zisizungushwe juu ya kiwiko kama kamba ya mbuzi, kwa sababu zinajikunja ndani na waya inavunjika kidogo kidogo. Zizungushwe kwa duara pana, kufuata namna zinavyotaka kulala zenyewe, kisha zifungwe kwa kipande cha kitambaa.

Liste yenyewe

Kwa watu wale tisa, liste inaweza kuwa hivi:

- Solo: gitare 1, jeke 3, pedali 1 na alimantasyo yake, pakiti 1 ya kamba, za kwanza 2, ya pili 1, koleo ndogo. Msaidizi: akompanyema.
- Mi-solo: gitare 1, jeke 2, pakiti 1, za kwanza 2. Msaidizi: solo.
- Akompanyema: gitare 1, jeke 2, pakiti 1, ya kwanza 1, akordere 1 ya kurekebishia sauti. Msaidizi: mi-solo.
- Bas: gitare ya bas 1, jeke 2, pakiti 1, ampli ya bas. Msaidizi: batri.
- Batri: ngoma zote, simbali, pedali, bageti jozi 4, ngozi 1 ya akiba ya kesi kleri, kipande cha tapi cha kuzuia ngoma zisiteleze. Msaidizi: bas.
- Sinte: sinte 1, alimantasyo yake, miguu yake, jeke 2. Msaidizi: muimbaji wa pili.
- Muimbaji wa kwanza: mikro 6 ndani ya sanduku moja. Msaidizi: muimbaji wa pili.
- Muimbaji wa pili: miguu ya mikro 6, kable za mikro 8. Msaidizi: muimbaji wa kwanza.
- Mutu wa sono: mikseri, ampli za gitare, ampli ya sono, bafule 2, kable za bafule 3, ralonji 2, multiprize 3, fuzible za akiba, multimetre, chuma ya kuchomelea, skochi, kamba za kwanza 5 na ya pili 1 za akiba ya pili. Msaidizi: bas.

Ukijumlisha za kwanza utapata kumi, tano kwa wapigaji na tano kwa mutu wa sono. Alimantasyo ya sinte iandikwe kwenye mustari wake peke yake, juu ndiyo inayosahauliwa ukutani, na sinte bila hiyo ni ubao tu.

Fuzible ziandikwe na namba yake. Fuzible ikiungua, weka nyingine ya namba ile ile. Kuifunga kwa waya au karatasi ya sigara kunarudisha sauti kwa usiku mumoja na kuondoa ulinzi wote wa ampli. Multimetre nayo ni ya kupima umeme wa grupu kabla ya kuchomeka kitu. Inatakiwa kuonyesha karibu 220. Ikionyesha 180, au 260, mutu wa sono asubiri mpaka mwenye grupu airekebishe.

Barabarani

Ndani ya minibisi, gitare zinakaa na watu, hazipandi juu. Batri, miguu na bafule vinaweza kupanda juu, vikiwa vimefungwa ndani ya shitingi, hata kama jua linawaka Bukavu, kwani mvua ya Ngomo haiombi ruhusa. Ampli zilale chini kabisa, zisibebwe na mutu kwenye magoti kwenye kona za mulima.

Kuna jambo ambalo wapigaji wapya wanashangaa nalo. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, Uvira karibu 780, na bonde la Ruzizi lina joto jingi. Kamba za chuma zikipata joto zinarefuka kidogo na sauti inashuka. Gitare iliyorekebishwa vizuri asubuhi Bukavu inafika Kamanyola ikiwa chini. Itolewe ndani ya mufuko, ipumzike karibu nusu saa pale itakapopigiwa, ndipo irekebishwe. Isiachwe ndani ya motokari iliyofungwa juani, kwa sababu joto hilo linaweza kulegeza gundi ya mbao.

Wanaopita upande wa Rwanda kwa Bugarama ili kutokea Kamanyola wana sababu ingine ya kuwa na liste. Douane inataka kujua kama mikseri ile inauzwa au inarudi. Liste yenye namba za vyombo, iliyoonyeshwa na kupigwa muhuri wakati wa kutoka, inasaidia kuonyesha kwamba vyombo vinavyorudi ni vile vile vilivyotoka.

Kuhesabu mara tatu

Liste inasomwa Bukavu kabla ya kupakia, inasomwa kila usiku baada ya kupiga, na inasomwa kabla minibisi haijaondoka kila mahali. Ile ya usiku ndiyo ngumu. Watu wamechoka, kuna marafiki, kuna bia. Njia inayosaidia ni hii: tapi ya batri inabaki chini mpaka mwisho, kila mutu analeta vitu vyake juu yake, mutu wa sono anasoma, mwenye kitu anajibu huku amekishika mukononi. Jibu la "iko" bila kuonyesha halihesabiwi.

Kinachokosekana kitafutwe pale pale, wakati watu wa uwanja bado wako. Kesho yake mikro imekwisha kuwa na mwenye mupya.

Swali la nani analipa lipatanishwe Bukavu, kabla ya safari. Kitu kilichoharibika kikifanya kazi, kama kamba, ngozi ya ngoma au fuzible, ni cha orkestra, kitoke kwenye kashe. Kilichosahauliwa ni kati ya anayekijibia na orkestra, kwa namna waliyokubaliana. Kama hakuna mapatano, watu wanaanza kuficha kilichopotea, na siri hiyo inafumuka kwenye jukwaa la usiku unaofuata.

Liste haizuii mwizi mwenye silaha wala barabara iliyokatika. Lakini minibisi ikirudi Bukavu, karatasi ile ile, yenye alama za kilichokatika na kilichoungua, ndiyo inayokwenda sokoni: za kwanza saba, jeke moja ya kuchomelea, fuzible mbili. Safari inayofuata inaanzia hapo.